Jua la Saa Nne Hadi Saa Nane

Mtu akisikia Mbooni huwaza milima, matuta ya mashamba na miti ya avokado. Hawazi ploti. Mimi nimekulia kwenye ploti pale Kikima, katika safu ya vyumba vya kupangisha ambavyo mlango wa mbele ulitazama barabara na wa nyuma ulitazama ua mwembamba. Susu, mama yake Mama, alikuwa na shamba chini kuelekea Tawa, kwenye joto. Huko tulipata mahindi, mbaazi na maembe. Lakini mboga ya jioni ilinunuliwa sokoni kwa pesa za cherehani ya Mama, na siku ambayo hakuna aliyeleta nguo ya kushona tulikula muthokoi mtupu.

Ua wenyewe ulikuwa na upana wa mita 3 kasoro. Upande wa kusini palikuwa na ukuta wa nyumba yetu, na upande wa kaskazini ukuta wa mawe wa jirani, mrefu kupita kichwa cha mtu mzima. Mashariki, mti wa avokado wa huyo jirani ulikuwa umeinamia kwetu na kutumwagia majani mwaka mzima. Magharibi palikuwa na bafu la mabati. Uani hapo tulipatumia kuanikia nguo, nazo zilikauka kwa shida. Kwamba panaweza kuota chakula halikuwa wazo la mtu yeyote mpaka Mama mdogo alipokuja.

Alirudi kutoka Kibera mwanzoni mwa 2009. Huko alikuwa ameyaona machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vibanda vikichomwa na reli iking'olewa, kisha bei ya vyakula ikapanda kiasi cha watu kushindwa hata na sukuma wiki. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia mtaani humo na kuwagawia watu miche, na Mama mdogo alikuwa miongoni mwa waliojifunza. Alifika kwetu na sanduku moja, mtoto mgongoni, na mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya Kasuku uliokatwa kitako. Sisi watoto tulidhani ameokota takataka njiani.

Kabla ya kugusa udongo alikaa na ua. Alichukua kipande cha mkaa, na kila kengele ya shule ilipolia alitoka nje kuchora mstari pale kivuli kilipoishia, sakafuni na ukutani. Saa tatu asubuhi ua wote ulikuwa gizani kwa sababu ya mti wa avokado. Saa nne jua likaingia. Saa sita lilikuwa limejaa upande wa jirani, ilhali hatua nzima ya upande wetu ilikuwa kivulini. Saa nane bafu la mabati likaanza kulifunika, na kufikia saa tisa hapakuwa na kitu. Akasema, "Tuna saa nne. Kibera tulikuwa na tano. Nyanya tusahau."

Mama aliona jibu ni rahisi: magunia yakae kwenye ukuta wa jirani, mahali penye jua. Ni Susu aliyemzuia. Alikuwa amekuja na mbaazi, akatazama ile michoro ya mkaa, akacheka. "Mwanangu, hilo ni jua la sasa. Mwezi wa sita litakuwa limehamia upande wa pili."

Susu hakuwa amesoma jiografia, ila alikuwa ameona vivuli vya nyumba yake kwa miaka sitini. Mbooni iko chini kidogo ya ikweta, karibu nyuzi 2 kusini. Mwezi wa Desemba jua la mchana hukaa kusini mwetu, kwa hiyo kivuli cha nyumba huangukia kaskazini. Mwezi wa Juni hukaa kaskazini, na vivuli hugeuka. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita hupita karibu juu ya utosi na kuta hazitupi kivuli cha maana. Kwa ukuta wa mita 2, kivuli cha saa sita mchana wa Juni ni kama mita moja hivi. Nyumba yetu, iliyofika mita 3, ilitupa kivuli cha zaidi ya mita moja mwezi wa Desemba. Ukiondoa mita moja upande huu na mita moja na kitu upande ule, unabaki na mshipi katikati ya ua, pungufu ya mita moja kwa upana, unaopata jua la mchana mwaka mzima. Hapo ndipo magunia yalipokwenda: katikati kabisa ya njia, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingeweka kitu. Kamba ya nguo ikahamishwa, na kila aliyekwenda bafuni usiku alijigonga goti.

Ilibidi mahali pachaguliwe vizuri mara moja, maana gunia likishajazwa halihami. Gunia la mahindi la kilo 90 humeza ndoo saba au nane za lita 20 za udongo, na udongo ukilowa uzito wake ni wa watu watatu. Wanaume wawili wa ploti walijaribu baadaye kulisogeza moja ili wapitishe kitanda, na wakaishia kukibomoa kitanda.

Mchanganyiko wake ulikuwa ndoo tano za udongo mwekundu wa juu kutoka shambani kwa Susu, ndoo mbili za samadi ya mbuzi na ndoo moja ya mchanga. Mchanga ulihitajika kwa sababu udongo wetu wa milimani hushikana ukikauka na kuwa tofali. Samadi ilikuwa imerundikwa miezi mitatu na kugeuzwa. Mama mdogo aliijaribu kwa kusokomeza mkono ndani ya lundo: ikiwa bado ina joto, au ukiinusa bado inachoma pua, haijaiva. Mama mmoja wa chumba cha mwisho hakungoja. Alijaza gunia lake samadi mbichi, na kabla ya wiki mbili kuisha kingo za majani ya miche yake zikageuka kahawia na kujikunja. Miche ile haikupona.

Kazi ya mkebe wa Kasuku niliielewa siku ya kujaza. Mama mdogo aliusimamisha katikati ya gunia, juu ya tabaka jembamba la udongo, akaujaza kokoto za ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akazungushia udongo nje yake hadi ukalingana na mdomo wa mkebe. Kisha akauvuta mkebe juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama zenyewe. Akaujaza tena, akazungushia udongo, akavuta. Mwisho gunia likawa na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu, na mkebe ukatoka mtupu tayari kwa gunia la pili. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji hulowesha kiganja kimoja cha udongo wa juu, na miche ya chini hufa kiu huku juu kukiwa na tope.

Lakini nguzo nayo ina hila zake. Isiposimama juu ya udongo, ikawa inagusa kitako cha gunia, maji hushuka moja kwa moja na kutokea chini, na wewe unadhani umemwagilia. Dalili yake ni dimbwi kwenye sakafu mara tu baada ya kumwaga, huku kidole ukikiingiza kwenye tundu la ubavuni kinatoka kikavu. Kwa hiyo tulimwaga nusu ya maji kwenye mawe na nusu kwenye udongo wa juu, polepole, kwa kopo lililotobolewa.

Matundu ya ubavuni hayakukatwa kwa kisu. Magunia ya plastiki yamefumwa kwa nyuzi bapa, na ukikata kwa kisu nyuzi huanza kufumuka hadi tundu la mche linakuwa mdomo unaotapika udongo. Mama mdogo alipasha nondo nyembamba kwenye jiko la makaa na kuitumia kutoboa, kingo zikayeyuka na kujifunga papo hapo. Alipishanisha matundu kwa kiganja na nusu, safu ya pili ikikaa katikati ya matundu ya safu ya kwanza. Hakuzunguka gunia lote. Upande wa mashariki, uliotazama shina la mti wa avokado, aliuacha bila tundu hata moja. Mama alilalamika kuhusu nafasi inayopotea. Jirani yetu wa chumba cha pili alitoboa lake pande zote, na hapo tukaona tofauti: miche ya upande wa giza ilirefuka shingo, majani yakawa madogo na ya kijani kilichofifia, yote yakijipinda kuzunguka gunia kutafuta mwanga. Mche wa namna hiyo hunywa maji kila siku bila kukulisha.

Miche ilioteshwa kwenye beseni lililopasuka na kuhamishwa ilipofikisha majani manne, kama mwezi mmoja baada ya kupanda mbegu. Ilihamishwa jioni. Unachoma shimo kwa kidole, kikielekea chini na ndani, unaingiza mizizi yote bila kuikunja, kisha unabana udongo kwenye shina. Juu ya gunia tulipanda sukuma wiki, kwa sababu sehemu ya juu ndiyo inayopata jua kwanza na kulipoteza mwisho. Ubavuni tukapanda spinachi. Hilo lilitokana na kuangalia tu: spinachi ilivumilia kivuli kuliko mboga nyingine tuliyoijaribu, na majani yake yalikuwa laini kuliko ya shambani. Chini kabisa, mahali ambapo jua lilifika kwa saa moja au mbili, tukaweka dania na vitunguu vya majani.

Susu alitaka kunde. Kwa Mkamba gunia lisilo na nthooko ni gunia la wageni. Mama mdogo hakumbishia, akampa ndoo mbili. Kunde zikaota kwa haraka, zikatambaa hadi kwenye kamba ya nguo, ndefu na nyembamba, na majani machache yaliyotoka yakajaa vidukari weusi mpaka shina halionekani. Kunde huko Tawa hazina shida na jua kali wala udongo mbaya. Kivuli ndicho kinachozishinda. Terere nayo ilikuwa hivyo hivyo, ikakimbilia kutoa maua ingali na urefu wa shubiri. Managu ilijikaza. Ilitoa majani ya kutosha kuchanganya na spinachi ili kupunguza uchungu wake, na ikawa mboga ya kienyeji pekee iliyobaki uani.

Ndoo ndizo zilizofuata jua. Zilikuwa za mafuta ya kupikia, za lita 20 na chache za lita 10, kutoka kwa mwenye hoteli. Za rangi Mama mdogo alizikataa hata alipopewa bure, akisema kilichopakwa ukutani hakifai kuingia tumboni. Alitoboa matundu manne kitakoni na mengine mawili ubavuni, vidole viwili kutoka chini, ili kitako kikizibwa na tope maji yapate pa kutokea. Ndoo ya lita 20 ilibeba miche mitatu ya spinachi au miwili ya sukuma wiki, haikuzidi hapo. Kila mwisho wa Machi tulizihamishia upande wa ukuta wetu, na mwisho wa Septemba tukazirudisha kwenye ukuta wa jirani. Watoto wa ploti nzima waliifanya kazi hiyo kwa asubuhi moja.

Ukame wa 2009 ulitukuta katikati ya hayo yote. Mvua za Machi hadi Mei, ambazo huku si za kutegemewa sana hata mwaka mzuri, zilitoka kidogo zikakata, na mahindi ya Susu yakakauka yakiwa yamefika magotini. Mtungi wa lita 20 ukapanda bei. Hapo ndipo kivuli kilipolipa deni lake. Magunia yaliyokuwa juani kutwa, kwa watu wa upande wa juu wa soko, yaliomba maji asubuhi na jioni. Kila gunia letu liliridhika na kama lita 5 kwa siku, na siku ya mawingu hatukulipa kitu. Maji hayo yalikuwa ya kuoshea mahindi na maharagwe, na ya kusuuzia vyombo. Yale ya kwanza ya sabuni, na ya kufulia kwa omo, yalimwagwa barabarani, kwa kuwa magadi yake hubaki ndani ya gunia na hayana mvua ya kuyaosha.

Kosa la uani kwetu halikuwa kiu, lilikuwa maji mengi. Mwezi wa Juni hadi Agosti ukungu hushuka Mbooni na kukaa mpaka adhuhuri, na udongo wa kivulini haukauki. Mama alikuwa na mazoea ya kumwagilia kila asubuhi iwe isiwe. Majani ya chini ya spinachi yakaanza kuwa manjano, na mtu mwingine angedhani ni njaa ya mbolea. Mama mdogo aliingiza kidole tundu la chini, akakinusa. Udongo uliokosa hewa hunuka yai viza. Tuliacha kumwagilia kwa zaidi ya wiki, na majani mapya yakatoka ya kijani. Konokono nao walipenda msimu huo. Tuliwaokota usiku kwa tochi kutoka chini ya ndoo, na majivu tuliyonyunyiza kuzunguka yalisaidia mpaka yalipolowa.

Kulikuwa pia na maneno na mwenye ploti, aliyesema tunalowesha ukuta wake. Ndoo zilisogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani, naye akanyamaza. Sijui kama aliridhika au alichoka.

Kilichotusumbua kwa muda mrefu ni gunia la upande wa mashariki. Msimu wa kwanza lilizaa kama wenzake. Mwaka wa pili likawa linakauka kila siku ingawa lilikuwa kivulini zaidi, na mboga zake zilidumaa hata baada ya kuongezewa samadi. Mama mdogo alichana ubavu wake na kumwaga udongo. Robo ya chini haikumwagika. Ilitoka kipande kimoja, imefumwa kama kiondo kwa mizizi myembamba ya kahawia ambayo haikuwa ya spinachi. Mti wa avokado ulikuwa umepenya kwenye ufa wa sakafu, ukapanda kupitia kitako cha gunia na kujitengenezea makao kwenye samadi yetu. Jirani alikuwa akivuna parachichi kubwa mwaka huo, na Mama alisema nusu yake ni yetu.

Tangu hapo kila gunia liliketi juu ya kipande cha bati kuukuu kilichowekwa kwenye mawe manne, na hewa ikapita chini. Bati lilikuwa na mwinamo kidogo ili maji yasituame. Mizizi haikurudi.

Kuvuna kulianza kama wiki sita baada ya kuhamisha miche. Jani la chini linavunjwa kwa kuvutwa kuelekea chini, na majani manne au matano ya juu yanaachwa yaendelee kulisha mche. Magunia matatu na ndoo zetu zilitupa mboga ya jioni kama tatu kwa wiki, nyumba ya watu sita. Mwezi wa ukungu ziliporomoka hadi jioni moja. Sitasema tuliacha kwenda sokoni, ila tulikuwa na kitu cha kuchuma siku ambayo cherehani haikulia. Magunia yenyewe yalidumu kuliko ya wenye jua, kwa kuwa jua ndilo linalomung'unya plastiki. Ya upande wa juu wa soko yalianza kupukutika kabla ya mwaka wa pili kuisha.

Kwa anayetaka kujaribu kwenye ua wa namna hiyo, chora kivuli kwanza, na ukumbuke kwamba michoro ya Januari haikwambii chochote kuhusu Julai. Ukipata pungufu ya saa tatu za jua, weka ndoo za dania na vitunguu na uache gunia. Ukipata nne, spinachi itakulisha. Sisi nyanya, hoho na kunde tuliendelea kuzinunua sokoni Kikima mpaka tulipohama.